Nafasi Nne za Spana: Jinsi Gereji Inavyoandika Tangazo la Wanagenzi

Picha huwa ni ileile. Toyota Noah imeinuliwa, tairi la mbele limetolewa, vijana wawili wenye ovaroli za bluu wameinamia breki na fundi mkubwa amesimama pembeni akiwaelekeza kwa kidole. Chini ya picha mwenye gereji ameandika: "Tunahitaji vijana wachapakazi wanaopenda ufundi. Njoo ujifunze kwa mafundi wazoefu. Piga simu sasa."

Basi simu inaanza kuita. Mama mmoja wa Kimara anauliza kama mwanawe atalipa ada au atalipwa. Kijana wa Gongo la Mboto anataka kujua mafunzo ni ya miezi mingapi. Mwingine aliishia darasa la saba, anauliza kama asijisumbue. Msichana aliyesoma umeme shuleni anauliza kama "vijana" waliotajwa ni pamoja na yeye. Mwenye gereji anajibu akiwa na grisi mikononi. Majibu aliyompa wa kwanza asubuhi si yale anayompa wa ishirini jioni, kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa ameyaamua. Hapo ndipo kosa lilipo. Tangazo halikuwa fupi mno kwa uvivu wa kuandika. Lilikuwa fupi kwa sababu hesabu haikupigwa kabla ya kuandika.

Tangazo la wanagenzi, hata likiwa ni maelezo mafupi ya chini ya picha, linapaswa kujibu mambo manne: muda wa mafunzo, posho, sifa za mwombaji na hatua za kuchagua. Kila jibu ni ahadi ambayo mtu ataidai baadaye. Ili tuone namna ahadi hizo zinavyojengwa, tuchukue gereji ya mfano iliyoko Tabata, Dar es Salaam. Ina mafundi wanne: wawili wa injini na miguu ya gari, mmoja wa umeme, mmoja wa bodi na rangi. Magari yanayoingia ni Toyota kwa wingi, pamoja na Nissan na Suzuki za hapa na pale. Mwenye gereji anataka vijana wanne, kila fundi awe na wake mmoja, waanze mwezi Julai.

Kwanza muda, kwa sababu ndio unaofafanua mengine yote.

Ni rahisi kuandika "miezi 6" kwa kuwa namba hiyo inapendeza masikioni mwa mzazi. Lakini ufundi wa gereji haufundishwi kwa ratiba ya darasani. Hufundishwa na gari lililoingia siku hiyo. Sevisi ya kumwaga oili na kubadili chujio huingia kila siku, kwa hiyo kijana mwenye bidii ataizoea ndani ya mwezi mmoja. Breki, shokapu, bushi na boljointi huja mara kadhaa kwa wiki, hasa kwa barabara zetu. Kushusha injini na kuifanyia ovaholi hakuji kila wiki, na inapokuja kijana anaweza kuwa ametumwa Gerezani kufuata spea. Kwa mtu kuiona kazi hiyo mara moja, kusaidia mara ya pili na kuifanya mwenyewe mara ya tatu chini ya jicho la fundi, miezi sita mara nyingi haitoshi.

Mwenye gereji wetu akifungua daftari lake la kazi ataona jambo hilo bila kubahatisha. Anahesabu ovaholi na kazi za gia boksi za mwaka uliopita, anagawa kwa wanagenzi wanne, kisha anajiuliza kila mmoja atashika ngapi. Akifika hapo anaandika miezi 12, na anaigawa: mitatu ya mwanzo ni zana, usalama, usafi wa vipuri na sevisi, mitatu inayofuata ni breki na miguu ya gari, sita ya mwisho ni injini, gia boksi na misingi ya umeme. Mgawanyo huo haumo wote katika maelezo ya picha. Sentensi moja inatosha. Lakini lazima uwepo kwenye karatasi, maana ndio unaomtofautisha mwanagenzi na saidia fundi. Saidia fundi hushika tochi, huosha vipuri na kufuata chai, na mwaka ukiisha bado anashika tochi. Mwanagenzi anajua kwamba mwezi wa nne anahama kutoka sevisi kwenda breki, na asipohamishwa ana haki ya kuuliza.

Muda una upande mwingine ambao matangazo mengi huusahau, nao ni saa za siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, siku zisizozidi sita, na saa 9 kwa siku. Hicho ni kipimo kizuri hata kwa mtu anayejifunza. Gereji nyingi hufungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni. Ukiondoa saa moja ya chakula, zinabaki saa 8 kwa siku. Siku sita za namna hiyo ni saa 48, zimeshapita. Dawa yake si ngumu: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 hadi saa 11, Jumamosi saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Hapo zinatimia 45 kamili, na Jumamosi mchana kijana anapata muda wa kufua ovaroli.

Jambo la pili ni posho, na hapa ndipo maneno matamu yanapoumiza watu. "Posho nzuri" haina maana yoyote. "Posho ya kujikimu" ina maana moja kichwani mwa mwenye gereji na nyingine kichwani mwa kijana anayepanga chumba. Namba peke yake ndiyo isiyogombaniwa, nayo hupatikana kwa kuanzia barabarani.

Tuseme kijana anapanda daladala moja kwenda na moja kurudi, kila safari Sh 700. Nauli ni Sh 1,400. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe wa jirani na gereji tuiweke Sh 2,500. Siku inamgharimu Sh 3,900 kabla hajanunua sabuni. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni Sh 101,400. Mwenye gereji akitoa Sh 5,000 kwa siku, mwezi ni Sh 130,000, na kijana anabaki na Sh 28,600. Si mshahara, lakini hajifunzi kwa hasara.

Sasa mhamishe kijana huyohuyo hadi mahali anapolazimika kubadili gari njiani. Safari nne kwa siku, kila moja Sh 700, ni Sh 2,800. Ongeza chakula, unapata Sh 5,300. Posho ileile ya Sh 5,000 sasa inamwachia deni la Sh 300 kila siku. Mwezi wa kwanza atakopa kwa ndugu. Mwezi wa pili ataanza kuchelewa kwa kuwa anatembea kipande cha njia. Mwezi wa tatu haji tena, na fundi atasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Hakuwa mvivu, posho ilimshinda kabla ya spana.

Kwa hiyo namba ya posho inachagua waombaji hata kabla ya usaili. Mwenye gereji ana njia mbili za kweli. Anaweza kusema wazi kwamba posho inatosha mtu wa safari moja ya daladala, ili mwenye kuishi mbali ajipime mwenyewe. Au anaweza kutenganisha nauli na posho, alipe kila mtu nauli yake halisi na chakula kiwe kimoja kwa wote. Njia ya pili ni ya haki zaidi na inamletea waombaji wengi zaidi wa kuchagua, ila inahitaji daftari makini. Gereji yetu ya mfano haina mtu wa hesabu, hivyo inachukua njia ya kwanza na kuisema bila kuficha.

Kuna uamuzi mmoja zaidi wa busara. Kijana wa mwezi wa saba si yule wa mwezi wa kwanza. Anafanya sevisi peke yake, anabadili breki pedi huku fundi akikagua tu mwishoni, na gereji inapata fedha kwa mikono yake. Posho isiyopanda wakati huo ndiyo inayomfanya aondoke na kwenda kufungua kijiwe chini ya mwembe kabla hajaijua injini. Ndiyo maana gereji yetu inaandika Sh 5,000 kwa siku kwa miezi sita ya kwanza na Sh 7,000 kwa miezi sita ya pili. Kwa vijana wanne, miezi sita ya kwanza itagharimu Sh 3,120,000 na ya pili Sh 4,368,000. Jumla Sh 7,488,000 kwa mwaka. Mwenye gereji akiona namba hiyo ni nzito, anapunguza nafasi ziwe mbili leo. Asiandike nne kisha akaanza kukopa posho mwezi wa tano.

Ovaroli, buti na glavu pia ni sehemu ya posho, ingawa wengi hawazihesabu hivyo. Kijana akiambiwa siku ya kuanza kwamba aje na buti zenye chuma puani, fedha yote ya wiki kadhaa imekwisha. Tangazo liseme nani ananunua. Liseme pia nani anagharimia matibabu mtu akiumia kazini, maana gereji ina jeki zinazoteleza, rejeta zinazochemka na betri zenye asidi.

Jambo la tatu ni sifa za mwombaji. Makosa ya hapa huletwa na mazoea ya kunakili matangazo ya ajira. Utakuta gereji inatafuta wanafunzi lakini inadai "uzoefu usiopungua miaka 2". Mwenye uzoefu wa miaka miwili haji kujifunza. Anakuja kutafuta kazi, na atakasirika kupewa posho. Wengine wanadai leseni ya udereva, ilhali kijana hatakiwi kuliendesha gari la mteja barabarani hata kidogo. Njia nzuri ya kuandika sifa ni kuanza na kazi yenyewe, na kila sharti lijibu swali hili: kijana asipokuwa nalo, ni kitu gani kitaharibika?

Kusoma, kwa mfano, ni lazima. Kopo la oili limeandikwa 5W-30 au 20W-50, na asiyesoma atachukua lililo karibu. Gia boksi za CVT zina mafuta yake. Ukiwekea ATF ya kawaida, gari litaondoka gereji likitembea na kurudi likivutwa kwa kamba. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni mita 103, namba inayosomwa kwenye spana ya kupimia mkazo. Basi sharti ni kusoma, kuandika na kujua hesabu za kawaida. Je, hilo linahitaji cheti cha kidato cha nne? Kwa gereji hii, hapana. Wapo waliomaliza darasa la saba wanaosoma vizuri, na wapo wenye vyeti vikubwa zaidi wanaosuasua. Hilo litajulikana kwenye jaribio, si kwenye bahasha.

Umri ni sharti jingine lenye sababu. Sheria ileile ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na inawalinda walio chini ya miaka 18 dhidi ya sehemu za kazi zenye hatari. Gereji yenye magari juu ya jeki na ukungu wa rangi ni mahali pa hatari kwa kipimo chochote. Miaka 18 ndiyo namba salama, na hurahisisha pia kuomba namba ya NIDA. Ikiwa kitambulisho bado hakijatoka, cheti cha kuzaliwa kinatosha. Barua ya serikali ya mtaa inaongezwa kwa sababu kijana atashika funguo za magari ya watu. Mwenye gereji anahitaji kujua anapotoka, pamoja na mdhamini mmoja anayefikika.

Kwa atakayekaa na fundi umeme kuna sharti dogo ambalo si rahisi kulikuta kwenye matangazo. Nyaya za gari hutambuliwa kwa rangi, na kuna watu wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani bila wao wenyewe kujua. Mtu huyo anaweza kuwa fundi hodari wa injini. Kumweka kwenye nyaya ni kumtafutia lawama. Tangazo halina haja ya kumkataa. Linaeleza tu kwamba jaribio litahusisha kutambua rangi za nyaya, ili kila mmoja apangwe mahali panapomfaa.

Na kuhusu wasichana, neno "vijana" halitoshi, kwa sababu wengi wanalisoma kama wavulana. Gereji ikiwa inawapokea kweli, iandike "wavulana na wasichana", kisha iwe na mahali pa kubadilishia nguo penye komeo. Bila komeo, maneno hayo ni ya picha tu.

Hatua za kuchagua ndizo zinazoonyesha uaminifu wa tangazo zima. Mwombaji anataka kujua njia ina vituo vingapi na kila kituo ni tarehe gani. Gereji yetu inapanga hivi. Maombi yanaletwa kwa mkono gerejini, mwisho Ijumaa, Juni 5. Majina ya walioitwa yanabandikwa getini Jumatano, Juni 10. Jaribio la mikono ni Jumamosi, Juni 13. Wanaofaulu wanakuja wiki ya majaribio, Juni 22 hadi 27. Mikataba inasainiwa Jumanne, Juni 30, na kazi inaanza Jumatano, Julai 1, 2026. Siku ya wiki inaandikwa pamoja na tarehe kwa makusudi: mtu akikosea kimoja, kingine kinamshtua.

Jaribio la mikono linahitaji maelezo, kwa kuwa hapa ndipo gereji nyingi huchagua mtu asiye sahihi. Fundi humwambia kijana, "Haya, fungua tairi hilo," kisha huwapa alama wale waliowahi kukaa gerejini kwa mjomba. Hapo amepima uzoefu, wakati alichotaka kukipima ni uwezo wa kujifunza. Njia bora ni fundi kufanya kwanza, mara moja, polepole, mbele ya wote. Anaweka kigingi nyuma ya tairi la upande wa pili. Analegeza nati gari likiwa bado chini, maana likishainuliwa gurudumu litazunguka na spana itateleza. Anainua kwa jeki kwenye sehemu yake, anaweka stendi, ndipo anatoa gurudumu. Wakati wa kurudisha, anaanza nati zote kwa vidole, anakaza kwa mpangilio wa nyota badala ya kuzunguka mduara, anashusha gari, kisha anamalizia mkazo kwa spana ya kupimia. Baada ya hapo kila mwombaji anarudia kwa zamu, mmoja mmoja, na wengine wakiwa nje wasione.

Fundi anayesimamia anaangalia mambo machache tu. Je, alikumbuka kigingi? Je, alilegeza kabla ya kuinua? Aliposahau hatua, aliuliza au alibahatisha? Alama kubwa kabisa inakwenda kwa anayeuliza. Kijana anayebahatisha akiwa peke yake chini ya gari la mteja ni hatari kuliko asiyejua kitu. Mwisho wa zamu fundi anatazama zana: zimerudi mahali pake zikiwa zimefutwa, au zimeachwa sakafuni? Jambo hilo halifundishiki kwa urahisi, na gereji inayopoteza spana namba 10 kila wiki inalijua vizuri. Kisha mwombaji anasoma kwa sauti maandishi ya kopo moja la oili na kupanga nyaya sita kwa rangi. Dakika 30 kwa mtu zinatosha. Kwa hiyo wanaoitwa wasizidi 14, maana kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri hakuna wengine watakaopata zamu ya haki.

Wanaochukuliwa kwa wiki ya majaribio ni sita kwa nafasi nne, na wiki hiyo inalipwa posho kamili. Gereji isiyolipa wiki ya majaribio inapata mikono ya bure ya watu sita, na ikifanya hivyo kila mwezi haitakosa vibarua. Waombaji wanalijua hilo, ndiyo maana maneno "wiki ya majaribio inalipwa" yanabeba uzito mkubwa kuliko sentensi yoyote ya sifa za gereji.

Baada ya hesabu zote hizo, maelezo ya chini ya picha yanaandikika kwa dakika kumi. Mstari wa kwanza ubebe mambo makubwa, kwa sababu Instagram huonyesha mwanzo tu na kuficha yaliyobaki mpaka msomaji abonyeze, ingawa nafasi yote ni herufi 2,200. Haya ndiyo maelezo ya gereji yetu ya Tabata:

"Nafasi 4 za kujifunza ufundi magari, miezi 12, posho kuanzia Sh 5,000 kwa siku, Tabata. Hakuna ada.

Mafunzo yanaanza Julai 1, 2026 na kumalizika Juni 30, 2027. Utajifunza sevisi, breki na miguu ya gari, kisha injini, gia boksi na misingi ya umeme. Saa za kazi ni saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi mwisho saa 7 mchana.

Posho ni Sh 5,000 kwa siku miezi sita ya kwanza na Sh 7,000 miezi sita ya pili. Nauli na chakula vimo humohumo, hivyo pima umbali wa unapoishi. Ovaroli, buti na glavu tunatoa sisi. Ukiumia kazini, matibabu ni juu ya gereji.

Tunapokea wavulana na wasichana wenye miaka 18 na kuendelea, wanaojua kusoma, kuandika na hesabu za kawaida. Uzoefu hauhitajiki.

Leta gerejini barua ya maombi ya mkono, nakala ya NIDA au cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na jina la mdhamini mmoja. Mwisho ni Ijumaa, Juni 5, saa 10 jioni. Majina yatabandikwa getini Jumatano, Juni 10. Jaribio la mikono ni Jumamosi, Juni 13. Sita watakaofaulu watafanya wiki ya majaribio inayolipwa, Juni 22 hadi 27. Wanne watasaini mkataba Jumanne, Juni 30.

Hatupokei pesa yoyote kwa fomu, usaili wala nafasi. Ukiombwa pesa kwa jina letu, njoo utuambie."

Kitu kimoja hakimo humo kwa makusudi, nacho ni cheti. Gereji inaweza kumpa kijana barua inayotaja kazi alizofanya na muda aliokaa. Haiwezi kumpa cheti cha VETA, na isikiahidi. Kinachowezekana ni kijana huyo, akishaiva, kuomba VETA impime kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hutathminiwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti kwa kiwango alichofikia. Kenya mlango wa namna hiyo uko NITA, kwa majaribio ya ufundi ya gredi III hadi I. Barua nzuri ya gereji, inayosema "amebadili klachi za gari kadhaa na kushiriki ovaholi tatu", inamsaidia kijana kuliko ile inayosema "ni mtiifu na mwenye bidii".

Sentensi ya mwisho kuhusu pesa imewekwa kwa sababu ya matapeli. Huchukua picha halisi ya gereji, hubadili namba ya simu, huongeza "fomu Sh 10,000, tuma kwa namba hii", na kurusha kwenye makundi ya WhatsApp. Dalili hazijifichi: hakuna mtaa, hakuna tarehe, nafasi ni nyingi kupita kiasi, na kila kitu kinafanyika kwa simu. Tangazo linalomlazimisha mwombaji kufika gerejini na barua yake mkononi humnyima tapeli nafasi, maana hana geti la kubandikia majina.

Kazi ya mwenye gereji haijaisha siku ya kusaini mikataba. Picha yake itakuwa imepigwa skrini na kutumwa tena na tena, na mwezi Septemba kijana kutoka Chanika ataiona kwa mara ya kwanza, apande magari mawili hadi Tabata na bahasha yake. Mwaka ulioandikwa kwenye tangazo utamwokoa. Lakini mwenye gereji naye, jioni ya Juni 30, afungue simu yake na kubadili mstari wa kwanza kwenye posti ya awali uwe: "Nafasi zimejaa. Tutatangaza tena Mei 2027."